Nyongeza ya mistari minne: kisa cha kuongeza mwaka mmoja na kubadili kodi kwenye mkataba wa pango

Karatasi niliyoletewa ilikuwa na sentensi tatu, zimechapwa vizuri, na chini yake nafasi mbili za saini:

"Sisi wawili tumekubaliana kuongeza mkataba wetu wa Machi 2022 kwa mwaka mmoja zaidi. Kodi mpya itakuwa 450 kwa mwezi badala ya 400. Mambo mengine yote yatabaki kama yalivyo kwenye mkataba huu."

Aliyeiandika ni mpangaji. Mwenye nyumba alikwisha isoma na kusema haina tatizo. Ni watu wanaoheshimiana. Kijana anamwita mwenye nyumba mzee, na mzee hajawahi kumfuata kijana kudai kodi hata mara moja. Walichotaka kwangu ni kunyoosha lugha tu kabla ya kusaini. Ilikuwa 15 Januari 2024, na mkataba wao ulikuwa na wiki sita hivi kabla ya kuisha.

Wameniruhusu nisimulie kisa chao bila majina. Kiasi cha pesa nimekipunguza kiwe chepesi kusomeka, na sarafu nimeiacha, kwa sababu hoja haiko kwenye sarafu.

Jambo la kwanza nililowaomba ni kuniletea kila karatasi waliyowahi kusaini pamoja. Naomba hivi kila mara, hata kwa nyongeza ya sentensi moja, kwa sababu nyongeza haisimami peke yake. Kazi yake ni kumwambia msomaji afungue mkataba fulani, aende kifungu fulani, afute maneno haya na asome yale. Kama hujaona maneno yanayofutwa, huwezi kuandika yanayochukua nafasi yake.

Zikaja karatasi mbili, nami nilitegemea moja.

Ya kwanza ilikuwa mkataba wenyewe, umesainiwa 24 Februari 2022. Kifungu cha 2 kinasema nyumba inapangishwa "kwa miaka miwili kuanzia 1 Machi 2022 hadi 28 Februari 2024". Kifungu cha 3 kinaweka kodi 400 kwa mwezi, inalipwa miezi mitatu mitatu kabla ya tarehe 5 ya mwezi wa kwanza wa kila kipindi. Kifungu cha 4 kinasema amana ni "sawa na kodi ya miezi miwili". Kifungu cha 9 kinampa mpangaji haki ya kuongeza muda "mara moja, kwa mwaka mmoja", akitoa notisi ya maandishi. Kifungu cha 12 kinasema mkataba hauwezi kubadilishwa ila kwa maandishi yaliyosainiwa na pande zote. Mwishoni kuna saini tatu: ya mwenye nyumba, ya mpangaji, na ya mdhamini.

Karatasi ya pili ilikuwa nusu ukurasa, imesainiwa 10 Agosti 2022, kichwa chake "Nyongeza ya Mkataba". Inasema mpangaji anapewa pia stoo iliyo nyuma ya nyumba, "kuanzia 1 Septemba 2022 hadi 28 Februari 2024", kwa 20 zaidi kila mwezi.

Nilipoiona hiyo nikamuuliza kijana, "Sasa hivi unalipa ngapi kwa mwezi?"

"Mia nne na ishirini."

"Na hiyo 450 uliyoandika, stoo imo?"

"Imo. Ndiyo kodi yote."

Mzee akageuka. "Hapana, mwanangu. Nyumba 450, stoo na ishirini yake pembeni. Si ndivyo tulivyozoea?"

Walinyamaza wote wawili. Walikuwa wamezungumza mara tatu, wakakubaliana mara tatu, na kila mmoja alikuwa anakubali bei tofauti: mmoja 450, mwingine 470. Rasimu ilisema "450 badala ya 400", na sentensi hiyo ingeweza kusomwa upande wowote. Anayetaka 470 angesema 400 ni kodi ya nyumba pekee, kwa hiyo 450 nayo ni ya nyumba pekee. Anayetaka 450 angesema imeandikwa "kodi mpya", na kodi ni kodi. Ninaamini wote wawili wangesaini kwa moyo mweupe, kisha mwezi wa Machi kila mmoja akadhani mwenzake amemgeuka.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoacha kuwa ya lugha. Niliwaachia walimalize suala la bei wenyewe, kwa kuwa mwandishi hana haki ya kuwachagulia. Walikutana kwenye 460, stoo ikiwa ndani. Nikaandika tarakimu hiyo kwa penseli juu ya rasimu, tukaanza upya.

Kwanza, nyongeza inaongeza nini? Rasimu ilisema "mkataba wetu wa Machi 2022". Hakuna mkataba wa Machi 2022. Kuna mkataba uliosainiwa Februari 2022 ambao muda wake ulianza Machi 2022. Kosa hili nakutana nalo kuliko mengine yote, na chanzo chake kinaeleweka: tarehe inayokaa kichwani mwa mtu ni ile aliyohamia, wala si ile aliyoshika kalamu. Lakini hati hutambuliwa kwa tarehe ya kusainiwa, na mahali penye mikataba miwili ya miaka tofauti kuhusu nyumba ileile, tarehe isiyo sahihi inaweza kumpeleka msomaji kwenye hati isiyo yenyewe.

Kwa hiyo utambulisho tuliuandika hivi:

"Nyongeza hii ya Pili inahusu Mkataba wa Pango uliosainiwa tarehe 24 Februari 2022 kati ya [jina la mwenye nyumba kama lilivyo kwenye mkataba] na [jina la mpangaji kama lilivyo kwenye mkataba], kuhusu nyumba iliyoelezwa katika Kifungu cha 1 cha mkataba huo, pamoja na Nyongeza ya Mkataba iliyosainiwa tarehe 10 Agosti 2022 kuhusu stoo. Katika hati hii mkataba huo unaitwa 'Mkataba wa Awali', na nyongeza ya stoo inaitwa 'Nyongeza ya Kwanza'."

Maneno "kama lilivyo kwenye mkataba" yana sababu. Mzee ana majina matatu kwenye kitambulisho, lakini mkataba ulitumia mawili. Ukiandika matatu kwenye nyongeza bila maelezo, mtu asiyewajua anaweza kuuliza kama huyu ni yuleyule. Tuliandika mawili, kisha tukaongeza "ambaye pia hutambulika kwa jina la" na kuweka yote matatu. Nyumba nayo hatukuieleza upya. Tukieleza upya tunaweza kukosea mpaka au namba, tukawa na maelezo mawili yanayogongana. Kurejea Kifungu cha 1 kunatosha.

Neno "ya Pili" kwenye kichwa nalo si pambo. Karatasi ya stoo iliitwa "Nyongeza ya Mkataba" tu. Hii mpya nayo ikiitwa hivyo, tutakuwa na hati mbili zenye jina moja, na mtu akisema "kwa mujibu wa nyongeza" hakuna atakayejua anasema ipi.

Tazama pia neno "mkataba huu" kwenye sentensi ya mwisho ya rasimu. Huu upi? Ule wa zamani, au karatasi hii yenyewe? Ndani ya nyongeza "huu" ni neno la hatari, kwa sababu karatasi mbili zinazungumza kwa wakati mmoja. Mimi hulitumia kwa kitu kimoja pekee: "Nyongeza hii". Kilichopo tayari nakiita kwa jina lake tulilokipa.

Tukaja kwenye muda, na hapa ndipo palipo na mtego niupendao kuonyesha, maana ni mdogo kiasi kwamba macho huupita.

Rasimu ilisema "kwa mwaka mmoja zaidi". Mwaka mmoja kuanzia lini? Jibu la haraka ni kwamba unaanza pale mkataba wa zamani unapoishia. Basi tazama unapoishia. Kifungu cha 2 kinasema "miaka miwili kuanzia 1 Machi 2022 hadi 28 Februari 2024". Lakini 2024 ni mwaka mrefu, na Februari yake ina siku 29. Miaka miwili kamili kutoka 1 Machi 2022 inaishia 29 Februari 2024, wakati tarehe iliyoandikwa ni 28. Aliyeandika mkataba alizoea Februari ya siku 28, akayafuata mazoea hayo. Kwa miezi 23 kosa lile halikumgusa mtu. Sasa lilikuwa linakaribia kumgusa.

Tuseme tungeandika, kama wengi wanavyoandika, kwamba "kipindi kipya cha mwaka mmoja kitaanza 1 Machi 2024". Tarehe 29 Februari ingebaki nje. Kwa mujibu wa tarehe zilizoandikwa, mkataba wa zamani ungekuwa umekwisha jana yake na kipindi kipya kingekuwa hakijaanza. Siku moja, mtu analala ndani ya nyumba bila mkataba. Unaweza kusema siku moja si kitu. Lakini bomba likipasuka usiku huo, au mtu akitaka kudai kwamba mkataba ulikatika na hiki kinachofuata ni kipya kabisa, siku hiyo moja ndiyo atakayoishika.

Dawa yake si kuhesabu upya siku. Dawa ni kutoanzisha kipindi kipya kabisa. Ukiingia kwenye kifungu cha zamani na kubadili tarehe ya mwisho peke yake, muda unakuwa mmoja, umenyooka kutoka 2022 bila kiungo katikati:

"Katika Kifungu cha 2 cha Mkataba wa Awali, maneno 'kwa miaka miwili kuanzia 1 Machi 2022 hadi 28 Februari 2024' yanafutwa, na badala yake yanasomeka: 'kuanzia 1 Machi 2022 hadi 28 Februari 2025, siku zote mbili zikiwemo'. Muda wa pango unaendelea bila kukatika, na tarehe 29 Februari 2024 ni sehemu ya muda huo."

Maneno "miaka miwili" tumeyaondoa makusudi. Tungeyaacha, au tungeandika "miaka mitatu", tungebaki na vipimo viwili vya muda, idadi ya miaka na tarehe, na vipimo viwili vinaweza kugombana kama vilivyogombana hapa. Tarehe mbili zinatosha. Na "siku zote mbili zikiwemo" inaondoa swali la kama mpangaji anatakiwa awe ameshatoka asubuhi ya 28 au usiku wake.

Kisha nikageukia karatasi ya stoo. Nayo ina tarehe yake yenyewe: "hadi 28 Februari 2024". Kubadili Kifungu cha 2 cha mkataba hakuigusi tarehe hiyo hata kidogo. Kama aliyeiandika angesema "hadi mwisho wa muda wa pango", stoo ingefuata nyumba yenyewe. Aliandika tarehe, kwa hiyo tarehe ilisimama pale. Kwa rasimu ya mistari minne, kijana angekuwa na nyumba mpaka 2025 na stoo iliyokwisha muda, huku akiamini 450 yake inalipia vyote viwili. Tukaongeza:

"Katika Nyongeza ya Kwanza, maneno 'hadi 28 Februari 2024' yanafutwa, na badala yake yanasomeka: 'hadi mwisho wa muda wa pango uliotajwa katika Kifungu cha 2 cha Mkataba wa Awali, kama kinavyobadilishwa mara kwa mara'."

Maneno ya mwisho yanamaanisha kwamba kama mwakani wataongeza tena, hawatahitaji kuikumbuka stoo.

Sasa kodi. Namna rahisi ya kukosea hapa ni kutaja kiasi na kusahau tarehe yake. Muda na kodi havianzi kubadilika siku moja. Mabadiliko ya muda yanafanya kazi tangu siku ya kusaini, kwani kuanzia siku hiyo tarehe ya mwisho ni nyingine. Kodi mpya wao waliitaka ianze 1 Machi 2024. Kama nyongeza ingesema tu kwamba "kodi ni 460" na ikasainiwa 18 Januari, mtu angeweza kuuliza kama siku zilizobaki za Januari na Februari yote nazo ni za 460.

Kwa bahati malipo yao ya miezi mitatu yanaanza Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa hiyo 1 Machi iliangukia mwanzo wa malipo. Ingeangukia katikati, tungelazimika kuandika hesabu ya kipindi kile kimoja kilichochanganya kodi mbili, na kuiandika kwa tarakimu, si kwa maelezo. Hapa ilitosha hivi:

"Kuanzia 1 Machi 2024, Kifungu cha 3 cha Mkataba wa Awali kinasomeka kwamba kodi ni 460 (mia nne na sitini) kwa mwezi. Kiasi hiki kinajumuisha stoo. Kuanzia tarehe hiyohiyo, malipo ya 20 kwa mwezi yaliyotajwa katika Nyongeza ya Kwanza yanakoma. Kodi ya kipindi cha kabla ya 1 Machi 2024, ikiwemo siku ya 29 Februari 2024, inabaki 400 kwa nyumba na 20 kwa stoo kwa mwezi. Malipo ya kwanza kwa kodi mpya ni 1,380 (elfu moja mia tatu na themanini) kwa miezi ya Machi, Aprili na Mei 2024, yanayotakiwa kabla ya 5 Machi 2024."

Sentensi ya kukomesha ile 20 ndiyo inayobeba mzigo. "Kinajumuisha stoo" peke yake kingeacha sentensi ya 20 ikiwa hai kwenye karatasi ya 2022, na mrithi wa mzee siku moja angeikuta na kudai. Tarakimu na maneno tumeviweka pamoja ili kosa la kidole kwenye moja lionekane kwa nyingine. Lakini visome vyote viwili kwa sauti kabla ya kusaini, maana vikitofautiana umezua mgogoro badala ya kuuzuia. Desturi ya wafasiri wa mikataba ni kuyapa maneno uzito kuliko tarakimu. Na 1,380 tuliiandika kwa sababu ndicho kiasi kijana atakachopeleka benki. Hesabu ya 460 mara tatu kila mtu anaiweza, lakini ukiiona imeandikwa hubaki na shaka kama stoo inajumlishwa juu.

Nikawauliza kuhusu amana. Hawakuwa wameifikiria kabisa. Kifungu cha 4 kinasema amana ni "sawa na kodi ya miezi miwili". Mwaka 2022 hiyo ilikuwa 800, na mzee anayo 800. Kodi ikiwa 460, miezi miwili ni 920. Je, kijana anadaiwa 120? Kwa maneno ya kifungu, mtu anaweza kusema ndiyo, kwa kuwa kipimo kinafuata kodi. Mzee alicheka, akasema hana haja nayo. Basi likaandikwa: "Amana inabaki 800 ambazo mwenye nyumba anakiri kuwa anazo, na kubadilika kwa kodi hakubadilishi kiasi hicho." Yale maneno "anakiri kuwa anazo" yalimfurahisha kijana kuliko kitu kingine chochote kwenye hati, kwani risiti yake ya 2022 ilikuwa imefifia hata isomeke kwa shida.

Hii ndiyo sababu napitia mkataba mzima na penseli na kuzungushia kila mahali panapotajwa kodi, tarehe ya mwisho, au kipimo kinachotegemea kimojawapo. Kwenye mkataba huu niliambulia sehemu tano. Faini ya kuchelewa ilikuwa asilimia ya kodi, kwa hiyo inapanda yenyewe. Niliwaambia, wakaridhia, hatukuandika kitu.

Ya tano ilikuwa Kifungu cha 9, haki ya mpangaji kuongeza muda mara moja. Rasimu ilisema mambo mengine yanabaki kama yalivyo. Kikibaki kama kilivyo, haki hiyo bado ipo. Kijana angeweza kusema mwaka huu tumekubaliana kwa mazungumzo, sikutumia haki yangu ya Kifungu cha 9, kwa hiyo mwakani naitumia. Mzee naye angesema mwaka huu ndio ile mara moja. Nilipowauliza walijibu bila kusita kwamba huu ndio mwaka ule. Ikaandikwa kwamba haki ya Kifungu cha 9 imetumika kwa nyongeza hii na imekwisha, na kwamba mwenye nyumba ameikubali ingawa notisi ilitolewa kwa mdomo. Kukiri huko kuhusu notisi kunaziba mwanya mwingine, kwa vile kifungu kilitaka notisi ya maandishi na kijana alikuwa amepiga simu tu.

Ndipo tukafika kwenye sentensi ambayo kila mtu huiandika kwanza, ile ya mambo mengine. Tuliiandika mwisho, baada ya kujua hayo "mengine" ni yapi:

"Isipokuwa kama ilivyobadilishwa na Nyongeza hii ya Pili, Mkataba wa Awali na Nyongeza ya Kwanza vinabaki na nguvu kamili. Pale Nyongeza hii ya Pili inapogongana na hati hizo, Nyongeza hii ya Pili ndiyo itakayofuatwa."

Kuhusu saini, kulikuwa na nafasi mbili na mkataba wa awali una saini tatu. Mdhamini ni shemeji yake kijana. Alikubali kudhamini 400 kwa mwezi mpaka Februari 2024. Hakuna aliyemwambia kuhusu 460 wala Februari 2025. Katika mifumo mingi ya sheria, kubadili deni bila ridhaa ya mdhamini kunaweza kumwondoa kabisa kwenye udhamini, na hata pale ambapo hakumwondoi, si haki kumbebesha mtu mzigo ambao hakuuona. Alikuja 18 Januari, akasoma zile karatasi zote tatu akiwa amesimama, akauliza swali moja tu kuhusu amana, akasaini chini ya maneno haya: "Mimi mdhamini nimesoma Nyongeza hii ya Pili na ninakubali udhamini wangu uendelee kwa muda na kodi kama vilivyobadilishwa humu." Kama angekataa, mzee angelijua hilo Januari, akiwa bado na nafasi ya kuamua.

Kila mmoja aliandika tarehe yake kwa mkono wake. Mara nyingi naona nyongeza yenye tarehe moja iliyochapwa juu na watu wanasaini wiki mbili baadaye. Kwa nyongeza ya muda hilo ni baya kuliko kawaida, kwa sababu swali la kwanza litakaloulizwa ni kama ilisainiwa kabla mkataba haujaisha. Ukisaini baada ya kuisha, unaongeza kitu kisichokuwepo. Inabidi hati iseme wazi kwamba pande zote zinauhuisha mkataba uliokwisha na kwamba siku zilizopita katikati zinahesabiwa kuwa ndani yake. Na wakati mwingine ni salama zaidi kuandika mkataba mpya.

Yapo mambo ambayo hati yangu haiwezi kuyatatua, na niliwaambia. Sehemu nyingi duniani sheria inaweka kikomo cha kupandisha kodi ya makazi, au inataka notisi ya muda fulani kabla ya kuipandisha, na makubaliano ya watu wawili hayashindi sheria hiyo. Pengine pango lenye jumla ya muda unaozidi kiwango fulani linatakiwa lisajiliwe au lilipiwe ushuru wa stempu; miaka miwili inaweza kuwa chini ya kiwango na mitatu ikawa juu yake, kwa hiyo nyongeza ndogo inaweza kuvusha mkataba mzima upande wa pili wa mstari. Na kuna mamlaka, Uingereza ikiwa mojawapo, ambako kuongeza muda wa pango huhesabiwa kisheria kwamba pango la zamani limerudishwa na jipya limetolewa, hata kama waandishi waliita kitu chao nyongeza. Pale, kanuni yangu ya kubadili tarehe tu haileti matokeo niliyoyaeleza, na wakili wa mahali hapo ni wa lazima. Hao niliwatajia wakili wa eneo lao, akaiangalia hati kwa nusu saa na kuongeza mstari mmoja wa usajili.

Kabla ya saini nilifanya jaribio ambalo huwa nalifanya kwa kila nyongeza. Nilimpa jirani yangu, asiyemjua yeyote kati yao, karatasi zote tatu na maswali matatu yaliyoandikwa: mpangaji anatakiwa kutoka siku gani, analipa kiasi gani tarehe 5 Juni 2024, na akitoka anarudishiwa nini kama hajaharibu kitu? Alichukua dakika sita hivi. Akajibu 28 Februari 2025, akajibu 1,380, kisha akanisahihisha kwamba mwisho ni kabla ya tarehe 5, si tarehe 5 yenyewe, akajibu 800. Nilipomwonyesha rasimu ya kwanza na kumuuliza maswali yaleyale, alijibu la kwanza kwa kukisia, la pili akasema inategemea, na la tatu akarudisha karatasi mezani.

Hati iliyosainiwa ni ukurasa mmoja na robo. Zilitoka nakala tatu, kila moja ikabanwa nyuma ya mkataba wa 2022 pamoja na ile nusu ukurasa ya stoo, na kwenye ukurasa wa kwanza wa kila mkataba, pembeni ya Kifungu cha 2, mzee na kijana waliandika kwa kalamu: "Tazama Nyongeza ya Pili, 18 Januari 2024," wakaweka herufi za majina yao.